Kamba iliyodanganya mara mbili: uchambuzi wa kisa cha kupanga mistari ya mahindi

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya wanaosaidia wakulima wadogo kupanga mashamba, na kwa mkulima mwenyewe anayetaka kujua atahitaji mbegu na mbolea kiasi gani kabla hajaingia shambani. Jina, mahali na msimu vimeondolewa. Mwenye shamba tutamwita Bi M.

Usuli

Bi M. analima kipande kimoja cha mahindi kilichokuwa cha wakwe zake. Nyumbani kwao kinajulikana kama "nusu ekari", na hakuna aliyewahi kukipima kwa kifaa chochote. Baba mkwe wake alikihesabu kwa hatua, kwa kanuni inayotumika vijijini kwamba ekari moja ni hatua 70 kwa 70. Kanuni yenyewe si mbaya, ila hatua inayodaiwa humo ni ndefu, karibu sentimita 91. Mtu anayetembea kawaida hafikishi hapo.

Shamba lina pembe nne lakini si mstatili. Upande wa chini unafuata njia, upande wa juu ni mfupi na unakwenda sambamba nao, na pande mbili za kati zimelala zote kuelekea kulia. Ardhi inateremka taratibu kutoka juu kwenda njiani.

Kwa misimu kadhaa Bi M. alinunua pembejeo za nusu ekari: kilo 5 za mbegu na mfuko wa kilo 25 wa mbolea ya kupandia. Walipanda kwa kukadiria, mmoja akichimba na mwingine akidondosha mbegu nyuma yake. Mbegu ikibaki, walirudi kuichomeka katikati ya mashimo, kwa kuwa hakutaka kuona mbegu ya kununua ikilala ndani. Mahindi yaliota kwa wingi yakapendeza hadi kufika magotini. Baada ya hapo mabua yalikuwa membamba, mengine yakaanguka kwa upepo, na mengi yakatoa mbelewele bila kubeba hindi. Majirani walilaumu mbegu, yeye akailaumu ardhi kwamba imechoka.

Mabua membamba, kuanguka, na mimea mingi isiyobeba ni dalili za msongamano, hasa pale ambapo naitrojeni na maji havitoshi kulisha mimea yote. Ardhi iliyochoka peke yake huonekana tofauti kidogo: mimea hudumaa mapema na majani ya chini hupata manjano kuanzia nchani, hata pale ilipopandwa mbalimbali. Hapa mimea ya pembeni, iliyokuwa na nafasi, ilikuwa minene na yenye mahindi mazuri. Kwa hiyo swali la kwanza lilikuwa ukubwa wa shamba.

Kilichotokea

*Kamba ya kwanza*

Wiki chache kabla ya mvua, Bi M. aliamua kupanda kwa mistari ya sentimita 75. Alitafuta kamba ya katani, akachukua rula ya shule ya binti yake, akaipaka kamba alama za mkaa kila sentimita 75, kisha akafunga fundo juu ya kila alama ili aweze kuhesabu kwa vidole bila kuinama kutafuta alama zilizofutika. Wazo la mafundo lilikuwa zuri. Utaratibu wa kuyafunga ndio uliokuwa na kasoro, na tutaurudia.

Yeye na binti yake wakazunguka shamba wakihesabu nafasi kati ya fundo na fundo. Upande wa chini walipata nafasi 64, upande wa kushoto 64, upande wa juu 43, na wa kulia 54. Binti alizidisha kwa 0.75 kupata mita: 48, 48, 32 na robo, na 40 na nusu. Akachukua wastani wa chini na juu, akachukua wastani wa kushoto na kulia, akazidisha. Jibu lilikuwa mita za mraba 1,775 hivi.

"Mama, hiyo ni karibu nusu ekari," alisema. Nusu ekari ni mita za mraba 2,023. Jibu lao lilikuwa pungufu, lakini lilikaribia vya kutosha kuthibitisha alichosema mzee, na Bi M. akaridhika. Angekwenda kununua mbegu kilo 5 kama kawaida.

*Vijiti vilivyopita fundo*

Kilichomzuia ni kazi nyingine. Kwa ajili ya mashimo alikata vijiti vya sentimita 25 kwa rula ile ile, na siku ya kujaribu mstari mmoja aliweka vijiti vitatu kwa kufuatana kando ya kamba. Vijiti vitatu vya sentimita 25 vinapaswa kuishia pale pale kwenye fundo la pili. Vilipita kwa upana wa vidole vitatu. Akarudia nafasi ya pili na ya tatu, hali ikawa ile ile. Hapo aliniita.

Tulipoweka tepu ya seremala, nafasi kati ya mafundo ilikuwa sentimita 70. Fundo linakula kamba. Ukiweka alama kwanza kisha ukafunga fundo juu yake, kamba inayojikunja ndani ya fundo inatoka kwenye nafasi uliyokwisha kuipima. Kwa kamba nyembamba kama ile, fundo moja la kawaida lilimeza kama sentimita 5. Kila nafasi aliyoihesabu kuwa 75 ilikuwa 70, na shamba zima likaonekana kubwa kuliko lilivyo.

Tuligundua jambo la pili asubuhi iliyofuata. Kamba ililala nje, ikalowa umande, na ilipopimwa tena ilikuwa fupi zaidi ya jioni iliyotangulia. Katani hufanya hivyo: nyuzi zikinywa maji hunenepa, na kamba iliyosokotwa hufupika. Ikikauka hurefuka tena. Kamba ya aina hiyo inaweza kutoa vipimo viwili kwa upande mmoja wa shamba kati ya asubuhi na adhuhuri.

*Kamba ya pili*

Alichukua kamba ya plastiki iliyokwisha kutumika kufungia mizigo, yaani iliyokwisha kuvutika kadiri ya kuvutika. Hakufunga fundo hata moja. Alipenyeza vitambaa vyembamba kati ya nyuzi zilizosokotwa, kila sentimita 75, nafasi 20, jumla mita 15. Kitambaa cha kumi na cha ishirini kilikuwa chekundu, vingine vyeupe. Kipimo alikitoa kwenye fimbo ya sentimita 75 iliyopimwa kwa rula kuanzia kwenye mstari wa sifuri, si kwenye ncha ya plastiki, maana rula nyingi za shule zina milimita kadhaa kabla ya sifuri.

Kisha alipigilia vigingi viwili kwenye ardhi ngumu ya uani, mita 15 kati yake, vikabaki hapo msimu wote. Kila asubuhi kabla ya kwenda shambani kamba ilivutwa kati ya vigingi hivyo. Ikifika sawasawa kwa mvuto wa kawaida wa mkono, kazi inaanza. Kwa maoni yangu hili ndilo lililokuwa bora kuliko yote katika kisa hiki, na halikuwa wazo langu.

*Kupima upya*

Kwa kamba mpya upande wa chini ulikuwa nafasi 60, yaani mita 45. Upande wa kushoto nao nafasi 60. Juu ulikuwa nafasi 40, mita 30. Kulia ulikuwa mita 38 kasoro kidogo. Binti akarudia hesabu yake ya wastani, akapata kama mita za mraba 1,556. Ilikuwa imeshuka sana kutoka 1,775, lakini bado haikuwa kweli, kwa sababu shamba limelala.

Fikiria pande nne zilizounganishwa kwa bawaba kwenye pembe. Unaweza kulisukuma umbo hilo lilale zaidi na zaidi mpaka pande zikaribie kugusana. Urefu wa kila upande haubadiliki, lakini eneo la ndani linapungua. Maana yake pande nne peke yake haziwezi kukuambia ukubwa. Unahitaji kipimo kimoja zaidi kinachopita ndani ya shamba, ama ulalo wa kutoka pembe hadi pembe, ama kimo kilichosimama wima juu ya upande wa chini.

Tulichagua kimo, kwa kuwa pande za juu na chini zinakwenda sambamba na mistari ingefuata uelekeo huo huo. Pembe mraba ilipatikana kwa kamba ile ile. Nafasi 12 zilipimwa juu ya upande wa chini, nafasi 16 zikaelekezwa juu, na kamba nzima ya nafasi 20 ikavutwa kati ya ncha mbili. Pembetatu yenye pande 12, 16 na 20 ni ile ile ya 3, 4 na 5, na lazima iwe na pembe mraba. Mtu anaweza kutumia nafasi 3, 4 na 5 zenyewe, lakini kwenye pembetatu ndogo kosa la upana wa kidole linageuza uelekeo kiasi cha kuonekana wazi ukifika mita 30 mbele.

Walisogeza pembetatu hiyo kulia na kushoto kwenye upande wa chini mpaka mstari wake wa kupanda ukalenga kigingi cha pembe ya juu kushoto. Mguu wa kimo ulidondokea nafasi 36 kutoka pembe ya chini kushoto, na kimo chenyewe kilikuwa nafasi 48, yaani mita 36. Hapa bahati ilitusaidia kuhakiki: 36, 48 na 60 ya upande wa kushoto ni 3, 4 na 5 zikizidishwa kwa 12. Pembe ilikuwa mraba bila shaka. Mashamba mengi hayatakupa namba nzuri namna hii, ila uhakiki unawezekana kwa namba yoyote kwa kujumlisha miraba ya pande mbili fupi na kuona kama jumla ni sawa na mraba wa upande mrefu.

Kimo cha pili kilipandishwa kutoka pembe ya chini kulia. Nacho kilifika upande wa juu kwa nafasi 48. Sasa tulijua kwamba juu na chini kweli ni sambamba, na eneo likawa wastani wa mita 45 na 30 mara kimo cha mita 36. Ni mita za mraba 1,350.

Theluthi ya ekari.

Maamuzi na sababu zake

Kimo cha mita 36 kikigawanywa kwa 0.75 ni nafasi 48. Binti alitaka mistari 49, mmoja juu ya kila mpaka. Bi M. alikataa, na alikuwa sahihi: mstari uliokaa juu ya mpaka unakanyagwa upande wa njia. Mstari wa kwanza ulikaa nusu nafasi kutoka mpaka wa chini, wa mwisho nusu nafasi kutoka mpaka wa juu, na jumla ikawa mistari 48.

Mistari haikuwa na urefu sawa. Wa chini ulikaribia mita 45, wa juu mita 30, na kila mmoja ulikuwa mfupi kuliko wa chini yake kwa sentimita 31 hivi. Hakukuwa na haja ya kujumlisha mmoja mmoja. Wastani ni mita 37 na nusu, mara 48 ni mita 1,800 za mstari. Njia ya mkato inayofanya kazi kwa shamba la umbo lolote ni kugawanya eneo kwa nafasi ya kati ya mistari: 1,350 kwa 0.75 ni 1,800 vilevile.

Kwenye mstari, chaguo lilikuwa mbegu moja kila sentimita 25 au mbegu mbili kila sentimita 50. Idadi ya mimea ni ile ile, 7,200. Mbegu moja moja inagawa mwanga na chakula vizuri zaidi, lakini ingedai mashimo 7,200, na yeye alikuwa na wasaidizi wawili tu na mvua iko njiani. Alichagua mbili kila sentimita 50, mashimo 3,600. Ningechagua hivyo pia kwa nguvukazi ile.

Pembejeo zikafuata mashimo badala ya kufuata jina la shamba. Mbegu 7,200 za aina aliyoitumia, ambayo kilo moja ilikuwa na mbegu kama 3,000, ni kilo 2 na gramu 400. Alinunua kilo 3 ili abaki na za kurudishia. Mbolea ya kupandia ilikuwa kifuniko kimoja cha soda kwa shimo, kama gramu 5, yaani kilo 18 kwa mashimo yote, ikifunikwa kwa udongo kidogo ili isigusane na mbegu. Katika misimu iliyopita kilo 5 za mbegu zilikuwa zinaingia zote kwenye theluthi ya ekari. Ni zaidi ya mara mbili ya zilizohitajika, hata ukitoa zile zilizooza au kuliwa na ndege.

Uamuzi mwingine ulihusu mistari yenyewe: ifuate upande mrefu kutoka juu kwenda chini, au ikingame mteremko? Ilikingama, kwa sababu mstari unaoteremka unageuka mfereji mvua kubwa ikinyesha. Uamuzi ulikuwa mzuri, lakini haukukamilika, kama tutakavyoona.

Upandaji

Vigingi vilipigiliwa kwenye vimo vyote viwili, kimoja kwa kila mstari, umbali wa mita 18 kati ya vimo. Uzi ulivutwa kati ya kigingi na mwenzake, kisha ukaendelezwa kushoto na kulia mpaka mpakani.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Siku ya pili vigingi vya kimo kimoja vilikuwa vimeng'olewa na mbuzi katika mistari kadhaa, na msaidizi mmoja, ili asipoteze muda, akaanza kupima kila mstari kutoka kwenye ule uliotangulia kwa fimbo ya sentimita 75. Kwa mistari mitatu au minne hakuna tatizo linaloonekana. Lakini kosa dogo la kila mstari linarithiwa na unaofuata, na kama mtu wa upande mmoja anaweka fimbo kwa kuilaza kidogo, mistari inaanza kufunguka kama kipepeo. Walipokutana na kigingi cha kwanza kilichosalia, mstari ulikuwa nje yake kwa zaidi ya nusu nafasi upande wa kushoto. Mashimo ya mistari miwili yalifukiwa na vigingi vikarudishwa kwa kamba kutoka mwanzo wa kimo.

Matokeo

Siku kumi na nne baada ya kupanda tulihesabu. Kipande cha mstari chenye nafasi 18 za kamba, mita 13 na nusu, kinachukua takriban mita za mraba 10 za shamba, na kilitakiwa kuwa na mashimo 27 na mimea 54. Tulichagua vipande vitano mahali mbalimbali. Sehemu aliyopanda Bi M. mwenyewe ilikuwa na mashimo 26 au 27 na mimea 50 au 51. Sehemu ya msaidizi mmoja ilikuwa na mashimo 23 na mimea 44 hadi 46.

Kuhesabu mashimo pamoja na mimea ndiko kulikotupa sababu. Kama tatizo lingekuwa mbegu kutoota, mashimo yangekuwa 27 na mengine matupu. Hapa karibu kila shimo lilikuwa na mimea yake miwili, ila mashimo yenyewe yalikuwa machache. Msaidizi alikuwa akiweka kijiti kuanzia ukingo wa shimo lililochimbwa, si katikati yake, hivyo sentimita 50 ikawa karibu 58. Mbolea ilisema hivyo hivyo: mfuko wa kilo 25 ulitakiwa kubaki na kilo 7, ukabaki na kilo 8 na nusu. Kilo moja na nusu ni vifuniko 300, na mashimo yaliyokosekana yalikuwa kama idadi hiyo.

Mvua kubwa ya kwanza ilionyesha kasoro ya mistari. Upande wa kulia, zaidi ya katikati ya shamba, kuna bonde dogo ambalo macho hayalioni ardhi ikiwa kavu. Mistari ilinyooka ikalikatiza, maji yakakusanyika hapo kutoka pande zote mbili, yakavunja tuta na kushuka yakikatiza mistari sita hivi. Mimea ya pale ilizolewa au kufukiwa.

Mavuno yalikuwa magunia 5 na nusu, wakati msimu uliotangulia yalikuwa 4. Sitadai kwamba tofauti yote ilitokana na kamba, kwa sababu mvua za misimu hiyo miwili hazikufanana na safari hii palizi ya kwanza ilifanyika mapema, jembe likipita kirahisi kati ya mistari. Kinachoweza kusemwa bila wasiwasi ni kwamba mabua yaliyoanguka yalikuwa machache, yasiyobeba yalikuwa machache zaidi, na mbegu kilo 2 hazikununuliwa.

Uchambuzi

Jambo la kushangaza kidogo ni kwamba kamba ya kwanza, pamoja na mafundo yake, isingeharibu hesabu ya mistari. Kama Bi M. angepima kimo kwa kamba ile ya sentimita 70, angepata nafasi 51, na angepanga mistari 51 kwa kamba ile ile, yote ingeenea shambani bila kubaki wala kupungua. Kamba inayopima shamba na inayopanga mistari ikiwa moja, kosa lake halijitokezi popote. Ndiyo maana watu hupanda kwa kamba mbovu miaka mingi wakiamini iko sawa. Kosa linatoka nje pale tu kipimo cha kamba kinapokutana na kipimo kingine: kilo za dukani zinazohesabiwa kwa ekari, au kijiti kilichokatwa kwa rula. Bi M. aliokolewa na vijiti vitatu, na mtu yeyote asiye na tepu anaweza kufanya jaribio hilo kwa dakika moja.

La pili ni jinsi makosa matatu tofauti yalivyoelekea upande mmoja. Hatua fupi za mzee, mafundo ya kamba, na wastani wa pande za shamba lililolala, yote hulikuza shamba. Nilijaribu kurudia hesabu ya mzee: kwa hatua ya sentimita 80 shamba hilo linakuwa na wastani wa hatua 47 kwa 52, yaani 2,444, na nusu ya 4,900, yaani ya hatua 70 kwa 70, ni 2,450. Hakubuni, alihesabu vizuri kwa kipimo kibaya. Na binti alipopata 1,775, jibu lilikubaliana na mazoea kiasi kwamba hakuna aliyelihoji. Kwenye kazi yetu tunapaswa kuwa na shaka zaidi, si kidogo zaidi, pale kipimo kipya kinapothibitisha sifa ya zamani ya shamba bila mtu kuvuka katikati yake.

Wastani wa pande, tuwe waadilifu, si njia ya kutupwa. Kwenye shamba lenye pembe zinazokaribia mraba kosa lake ni dogo mno kuwa na maana. Hapa lilizidisha kwa zaidi ya asilimia 15. Kipimo cha kuamua ni rahisi: pima milalo yote miwili. Ikikaribiana, na pande zinazotazamana nazo zikikaribiana, tumia wastani. Milalo ikitofautiana sana, shamba limelala na kimo au ulalo lazima uingie kwenye hesabu. Kwa Bi M. ulalo mrefu ulikuwa mita 67 na mfupi mita 40, tofauti ambayo hata hatua za miguu zingeionyesha.

Mteremko haukuhitaji marekebisho katika kupima. Watu huuliza sana hili. Ardhi ikipanda mita 1 kwa kila mita 10, kamba iliyolazwa juu ya ardhi inazidi kipimo cha usawa kwa nusu ya asilimia moja tu. Kwa mteremko wa mita 2 kwa 10 inafika asilimia 2. Fundo moja linakula zaidi ya hapo.

Ambapo mteremko ulikuwa na maana ni katika uelekeo wa mistari, na kamba haikuweza kusaidia. Kamba iliyovutwa hunyooka. Mstari wa usawa kwenye ardhi yenye bonde haunyooki. Kwa eneo lile la kulia ilihitajika fremu ya A: fito mbili zilizofungwa juu, moja ya kukingama, na jiwe linaloning'inia kwa uzi. Kwa fremu hiyo mtu huweka kigingi kila inaposimama sawa, na mstari wa vigingi hufuata mpindo wa ardhi wenyewe. Haihitajiki kwa shamba zima. Mistari mitatu au minne ya mwongozo ikipimwa kwa fremu, mingine inafuata sambamba, na pale nafasi kati ya miongozo inapopanuka au kubana, mstari mfupi huongezwa au kukatishwa. Idadi ya mimea bado inatoka kwenye eneo, kwa hiyo hesabu ya mbegu 7,200 haibadiliki.

Upungufu wa mashimo ya msaidizi haukuwa uzembe. Aliambiwa "kijiti kimoja kati ya shimo na shimo", na alifanya hivyo hasa. Msimu unaofuata Bi M. ameamua kutoa vijiti kabisa: uzi wa kupandia utakuwa na vitambaa vyake kila sentimita 50, na jembe litapiga pale kitambaa kilipo. Uzi huo utahitaji kupita kwenye vigingi vya uani kama kamba, na mita 15 zina vitambaa 31 ukihesabu vya ncha zote mbili.